Kuchoka na aplikasio za uchumba Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetumia Tinder, Badoo au nyingine ya aina hiyo, akiwa Lubumbashi au mji wa jirani, na sasa anafungua simu kwa uzito kama mtu anayekwenda kudai deni. Neno "ndiyo" humu lina maana ya kutelezesha kidole kulia au kubonyeza moyo. "Kupeana ndiyo" ni pale wawili wamekubaliana na aplikasio ikawafungulia mazungumzo.

Nimepeleka ndiyo mamia kwa mwezi na waliorudisha hawafiki kumi. Je, mamia hao wote wamenikataa?

Hapana, na hapa ndipo uchovu mwingi unapoanzia. Mtu anahesabu kila kimya kuwa ni hukumu juu ya sura yake, ilhali sehemu kubwa ya kimya hicho hakuna mtu aliyekaa akamtazama.

Ndiyo yako haifiki kama mesaji. Inaingia kwenye foleni, na aplikasio ndiyo inayoamua kama kadi yako itaonyeshwa kwa yule mtu na lini. Kuna aliyeweka aplikasio wakati wa sikukuu na hajaifungua tena. Kuna aliyeifuta kwenye simu bila kufuta akaunti, kwa hiyo foto yake bado inazunguka. Kuna aliyeishiwa mega.

Halafu kuna umbali. Tinder inakuruhusu kutafuta hadi kilomita 160. Ukiacha kipimo hicho juu kabisa ukiwa Kampemba, unakusanya watu wa Likasi, wa Kasumbalesa, na hata wa Chingola na Kitwe upande wa Zambia, maana kilomita zinahesabiwa kwa mstari ulionyooka na mpaka haujaliwi. Wengi wa hao hawatakuja kunywa soda na wewe Jumapili, nao wanalijua hilo wanapoona umbali wako.

Kisha kuna hesabu yenyewe ya wanaume na wanawake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London walitengeneza profili za majaribio kwenye Tinder wakazipelekea watu ndiyo kwa wingi. Profili za kiume zilirudishiwa ndiyo mara 0.6 kati ya 100. Za kike, mara 10.5 kati ya 100. Majaribio hayo yalifanyika kwa profili za London na New York, hivyo usizichukue namba hizo kuwa za Lubumbashi. Mfumo wenyewe ndio wa kuangalia. Wanaume wakiona majibu ni machache, wanampelekea kila mtu ndiyo bila kusoma. Wanawake wakiona kila wanayemchagua naye amekwisha kuwachagua, wanazidi kubana. Basi wanaume wanapata machache zaidi, wanazidi kurusha ovyo. Mwanaume wa kawaida akipata moja katika mia, hajafanya kosa lolote, na dada anayepata mia hajapendwa na mia.

Nitajuaje tatizo langu liko wapi hasa?

Kwa kuandika daftari. Si shajara ya machungu, ni safu saba za namba kwa wiki nne: ndiyo ulizotuma, waliorudisha, uliowaandikia, waliojibu, mazungumzo yaliyopita mesaji kumi, mliosikilizana kwa sauti, mliokutana. Mwisho wa wiki nne tafuta sehemu moja au mbili ambapo namba zinaanguka vibaya kuliko kwingine, urekebishe hizo tu. Anayerekebisha yote kwa mara moja hatajua kilichosaidia.

Tuchukue mfano wa kutunga: fundi umeme wa miaka 31, anakaa Kampemba. Mwezi wa kwanza ametuma ndiyo 620, waliorudisha 8. Amewaandikia wote 8, wamejibu 5. Mazungumzo 3 yamepita mesaji kumi. Sauti: 0. Kukutana: 0. Yeye anasema, "Nimekataliwa mara mia sita." Daftari linasema vingine. Waliozungumza naye ni 5, na kati yao mmoja tu ndiye aliyemwambia wazi kwamba hataki kuendelea. Wanne mazungumzo yaliwafia mkononi, yeye akiwa mmoja wa walioyaacha yafe.

Namba zake zinaanguka mahali pawili. Waliojibu ni 5 kati ya 8, hapo hana shida. Mlangoni ni 8 kati ya 620, kidogo zaidi ya 1 kwa 100. Na kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye sauti ni 3 kushuka hadi 0. Mlangoni kunahusu foto na upana wa utafutaji. Kwenye sauti kunahusu mazoea yake ya kusubiri: mmoja wa wale watatu ameandikiana naye siku kumi na tisa bila kuombwa hata dakika tano za simu.

Foto zake zilikuwa tatu. Ya kwanza amevaa miwani ya jua, ameegemea gari lisilo lake. Ya pili wapo wanaume sita, haijulikani yeye ni nani. Ya tatu ni nembo ya TP Mazembe. (Mapenzi kwa timu si dhambi, lakini nembo haiwezi kuonyesha uso wa mtu.) Akazibadilisha: uso bila miwani, mwili mzima akiwa kazini na mkanda wa vifaa, na moja akiwa na wadogo zake akicheka. Katika jaribio lile la 2016, profili ya kiume iliyotoka kwenye foto moja kwenda tatu ilipata majibu mengi zaidi, kwa hiyo hapa ndipo juhudi ndogo inapolipa zaidi.

Kupiga foto nzuri hakuhitaji studio. Piga asubuhi mapema au jioni jua likianza kushuka, ukiwa kwenye kivuli kilicho wazi, kwa mfano pembeni ya ukuta. Jua la mchana linatia giza machoni. Mara nyingi simu inapima mwanga wa fremu nzima, kwa hiyo mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga, uso wake unatoka kama kivuli. Gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, au simama mbele ya kitu chenye rangi nzito kuliko ngozi yako. Usiweke vichujio vya kung'arisha ngozi: siku ya kukutana ndiyo itakuwa siku ya kukosana.

Mwezi wa pili akapunguza umbali hadi kilomita 20, akatuma ndiyo 210 tu, kila moja baada ya kusoma. Waliorudisha 7, waliojibu 5, waliopita mesaji kumi 3, sauti 2, kukutana 1. Huyo mmoja walikaa saa moja, wakaagana vizuri, na kesho yake dada akamwandikia kwamba hakuona wakiendana. Mwisho wa mwezi hana mchumba. Lakini amekataliwa na mtu mmoja aliyemwona na kumsikia, na hilo linabebeka. Kitu kisichobebeka ni kubeba mia sita wasiojua kama upo.

Niweke muda gani kwa siku?

Dakika ishirini, mara moja kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, na kadi zisizozidi ishirini kwa mkao mmoja. Sababu si nidhamu tu. Mwaka 2020 Tila Pronk na Jaap Denissen wa Uholanzi walionyesha kwamba kadiri mtu anavyotazama profili nyingi mfululizo, ndivyo anavyozidi kukataa: kutoka profili ya kwanza hadi ya mwisho, uwezekano wa kukubali ulishuka kwa wastani wa asilimia 27. Walioletwa mwishoni hawakuwa wabaya kuliko wa mwanzo. Ni mtazamaji aliyekuwa amejifunga.

Hilo lina pande mbili. Wewe, ukifika kadi ya sitini, huoni tena watu, unaona kasoro. Na wewe mwenyewe ni kadi ya sitini ya mtu mwingine, amelala chali baada ya umeme kurudi, kidole kinajiendea. Hapana yake haina habari yoyote juu yako.

Usifungue aplikasio kitandani kabla ya kulala, wala mara tu baada ya kukataliwa. Nyakati hizo mbili unatafuta dawa ya upweke, na kila kadi inakuwa mtihani. Na zima arifa zake zote. Majibu yanayokuja bila mpangilio ndiyo yanayokufanya uchungulie simu kila dakika tano. Ukichungulia mara moja tu kwa siku, tabia hiyo inapoteza nguvu baada ya siku chache.

Kwa nini kila mazungumzo ni yale yale? "Jambo. Uko wapi? Unafanya kazi gani? Niletee foto."

Kwa sababu maswali hayo yanauliza mambo ya kitambulisho. Jibu lake ni neno moja, na neno moja halina pa kushika. "Niko Katuba." Sawa, kisha? Basi linaulizwa swali lingine la kitambulisho, hadi yamekwisha, na mazungumzo yanakufa kwa kukosa maji bila mtu yeyote kumchukia mwenzake.

Dawa yake inajulikana: swali la pili linalozaliwa na jibu la kwanza. Mwaka 2017 Karen Huang na wenzake wa Harvard walichunguza mazungumzo, yakiwemo ya watu waliokutanishwa kwa dakika chache chache kutafuta wachumba, wakakuta kwamba wanaouliza maswali ya kufuatilia ndio wanaopendwa zaidi na ndio wanaokubaliwa kukutana tena. Wanaorukia mada mpya kila mara hawapati faida hiyo.

Kwa mazoezi inakuwa hivi. Profili yake inasema ni mwalimu. Usiandike "Unafundisha wapi?" peke yake. Andika: "Jambo. Naona unafundisha. Ni darasa gani linalokuchosha zaidi, wadogo au wale wa mwisho wanaojiona wakubwa?" Akijibu "wadogo, wanalia asubuhi", usikimbilie "unapenda chakula gani?" Kaa hapo hapo: "Huwa unafanya nini wakianza kulia wote pamoja?" Sasa anasimulia, naye akisimulia ataanza kukuuliza. Toa kidogo chako kila baada ya maswali mawili. Ukiuliza matano mfululizo bila kutoa kitu, umegeuka afisa wa uhamiaji.

Kama profili yake haina maandishi, tumia kitu kilicho kwenye foto: bustani ya wanyama, sare ya kwaya, sahani ya bukari na samaki. Kama hakuna kitu chochote, salamu fupi inatosha, na usitumie dakika zaidi ya moja. Juhudi yako iende sambamba na juhudi ya profili.

Maneno ya kufungulia unaweza kuyatumia tena, hakuna ubaya. Kinachochosha ni kurudia mazungumzo mazima. Yakikufikisha mahali ambapo unajua tayari mesaji tano zijazo, sema hivyo kwa upole: "Haya maswali nimeyajibu mara nyingi wiki hii, bila shaka na wewe pia. Tupigiane simu dakika tano?" Wengi wanacheka na kukubali, kwa kuwa nao wamechoka.

Nihamie lini kutoka kwenye maandishi?

Mapema kuliko unavyodhani. Kati ya mesaji ya kumi na ya thelathini, au ndani ya siku nne, omba sauti. Anza na ujumbe wa sauti wa sekunde thelathini, si wa dakika nne. Sauti inakuambia kwa haraka mambo ambayo maandishi yanayaficha kwa wiki: anavyocheka, Kiswahili chake au Kifaransa chake kinakaaje, kama anasikiliza. Siku moja au mbili baadaye, simu ya dakika kumi. Kama imekwenda vizuri, panga kuonana ndani ya wiki moja au mbili tangu mlipoanza.

Sababu ya haraka hiyo ni kwamba wiki za maandishi zinajenga mtu wa kichwani. Unajaza nafasi tupu na matamanio yako, na siku ya kukutana unamlinganisha mtu wa kweli na yule uliyemtengeneza. Yule wa kweli anashindwa daima, nawe unashindwa vile vile upande wake. Kukataliwa baada ya wiki tano za maandishi kunauma mara nyingi zaidi ya kukataliwa baada ya siku tano, na habari uliyopata ni ile ile.

Mkutano wa kwanza uwe mfupi, mchana, mahali penye watu: soda karibu na Posta katikati ya mji, kutembea kwenye bustani ya wanyama au kwenye jumba la makumbusho. Saa moja. Mwambie ndugu au rafiki unakokwenda. Sema tangu mwanzo kwamba una saa moja tu. Mkipendezana mtaongeza, na msipopendezana hakuna anayetafuta uongo wa kuondokea.

Mji wetu una kikwazo chake. Watu wengi wanafanya kazi migodini Fungurume au Kolwezi kwa zamu: wiki kadhaa kule, kisha siku za mapumziko nyumbani. Uliza mapema, "Unarudi lini mjini?" Ukipata tarehe, panga kwa tarehe hiyo na mpunguze maandishi hadi simu moja au mbili kwa wiki. Usipopata tarehe hata ya kukadiria baada ya kuuliza mara mbili, mhesabu kuwa hayupo.

Amesoma na hajajibu. Au labda hajasoma. Nisubiri hadi lini?

Kwanza soma alama vizuri. Kwenye WhatsApp, alama moja ya kijivu ina maana mesaji imetoka kwako haijafika kwake: simu imezimwa, hakuna mtandao, au amekuzuia. Mbili za kijivu: imefika kwenye simu. Mbili za buluu: imefunguliwa. Aliyezima taarifa za kusoma hataonyesha buluu kamwe, ila ukimtumia ujumbe wa sauti, kipaza sauti kidogo kitageuka buluu akiusikiliza hata kama amezima. (Usitumie hilo kumpeleleza. Tunalitaja ili uache kubahatisha.)

Katika mji ambao umeme wa SNEL unakatika bila kuaga, alama moja kwa siku nzima haina maana yoyote. Siku tatu za alama mbili zina maana kidogo. Kanuni tunayopendekeza: baada ya siku tatu, tuma mesaji moja tu, yenye kitu kipya, isiyo na lawama. "Nimekumbuka wale wanafunzi wako wanaolia. Wiki hii wamekuachia?" Ndiyo hivyo. Usiandike "mbona kimya?", wala "samahani kama nimekukosea". Ya kwanza ni dai la deni, ya pili ni kukiri kosa ambalo halipo. Zikipita siku nyingine nne, hamisha mazungumzo kwenye kumbukumbu yasionekane, na kwenye daftari andika "yamekwisha". Usiandike "amenikataa", kwa sababu hujui.

Kwenye Tinder, mtu akiondoa makubaliano, mazungumzo yote yanatoweka kwako pia. Akifuta akaunti yake, utaona vile vile. Huwezi kutofautisha mambo hayo mawili, kwa hiyo usijaribu, na usiende kumtafuta Facebook kumuuliza.

Kila nikikataliwa ninaumia mwilini kabisa, kifua kinabana. Ni udhaifu?

Si udhaifu. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams walichapisha katika jarida la Science jaribio la mchezo wa mpira kwenye kompyuta. Washiriki walirushiana mpira na wachezaji wawili wasiowaona, kisha wakaacha kurushiwa. Picha za ubongo zilionyesha kazi ikiongezeka kwenye eneo linalohusika pia na maumivu ya mwili. Ule ulikuwa mpira wa bandia, na wageni wasioonekana. Ukiumia kwa mtu mliyeandikiana wiki mbili, ubongo wako unafanya kazi yake ya kawaida.

Kazi yako ni kuzuia maumivu hayo yasigeuke maelezo. Maumivu yanasema "inauma". Maelezo yanasema "kwa sababu mimi ni mfupi, sina gari, wote wako hivyo, itakuwa hivi daima." Maumivu yanapungua yenyewe kwa saa au siku. Maelezo yanabaki, na ndiyo yanayokula ujasiri.

Saa ya kwanza, weka simu mbali na fanya kitu cha mikono au miguu: fua, pika, tembea. Jioni chukua karatasi, andika mistari mitatu. Wa kwanza: kilichotokea, kama kingeandikwa na karani asiyekujua. "Tulikutana saa moja. Kesho yake aliandika kwamba hataendelea." Wa pili: ninachokijua kwa hakika kuhusu sababu. Mara nyingi ni "hakuna". Wa tatu: jambo moja nililofanya vizuri ambalo nitalirudia. Wakati mwingine mstari wa pili utakuwa na kitu cha kweli, kwa mfano alisema ulizungumza sana juu ya mchumba wako wa zamani. Hilo ni zawadi, lichukue. Usiombe sababu kama hajaitoa. Atakupa ya adabu, nawe utajenga nyumba juu yake.

Kama umekataliwa na watatu kwa mwezi mmoja, jaza wiki inayofuata na mahali unapojulikana na kuhitajika: kwaya, timu ya mtaa, likelemba, kazi ambayo wenzako wanakuita ukikosekana. Ujasiri unarudi haraka mbele ya watu wanaokujua jina kuliko mbele ya watu wapya wa kukuhukumu.

Mimi ni dada. Sikosi majibu, nimezama ndani yake, na mengi ni matusi au "uko peke yako?"

Uchovu wako ni wa kuchambua, na ushauri wa hapo juu juu ya ndiyo chache haukutoshi. Punguza mlango: usiwe na mazungumzo zaidi ya manne yaliyo hai. Wa tano akija, asubiri hadi mmoja atoke. Weka kwenye profili swali moja linalohitaji kusoma, kwa mfano "Niambie mahali unapokula samaki mzuri Lubumbashi." Wasiosoma wataandika "jambo mrembo", nawe utakuwa umechuja bila kufungua mdomo.

Mesaji ya kwanza ikiwa ya mwili wako, zuia na ripoti bila kujibu. Jibu la hasira ni jibu, na yeye ndicho alichokuja kutafuta. Na usichukue wingi huo kuwa kipimo cha thamani yako, wala kwa juu wala kwa chini. Wengi wao hawajaifungua profili yako.

Kila tukipanga kukutana ananiomba pesa ya transpo. Nitume?

Hapana kabla ya mkutano wa kwanza, awe nani. Wapo wanaoomba kwa uaminifu, kwa sababu desturi ya mwanaume kugharamia ipo na nauli kutoka Ruashi si bure. Wapo pia wanaokusanya kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kutoka kwa wanaume wanane kwa siku na hawatoki nyumbani. Kwenye simu hawatofautiani. Njia inayowatenganisha bila kumvunjia mtu heshima ni hii: chagua mahali karibu naye, si karibu na wewe, na useme, "Nitakuja upande wako, vinywaji ni juu yangu. Nauli nitakurudishia tukionana." Aliye tayari kuja anakubali au anapendekeza mahali pengine. Mwingine anapata msiba wa ghafla.

Upande wa dada: kama kweli huna nauli, sema "tukutane hapa mtaani kwangu" badala ya kuomba. Inakulinda pia dhidi ya mwanaume anayefikiri nauli imenunua jioni yako.

Nifute yote au nipumzike?

Pumzika kwanza, wiki tatu hadi sita, kwa tarehe iliyoandikwa. Kwenye Tinder ingia kwenye mipangilio uzime kuonyeshwa kwako kwa watu wapya. Waliopo kwenye mazungumzo wanabaki. Waandikie wale wawili au watatu wenye uhai: "Napumzika na aplikasio hadi mwanzo wa mwezi ujao. Ukipenda, tuendelee WhatsApp." Kisha iondoe kwenye simu. Kumbuka kwamba kuiondoa kwenye simu hakufuti akaunti. Anayetaka kufuta kabisa lazima aifute ndani ya mipangilio kabla ya kuiondoa.

Rudi ukiwa na hamu ya kujua watu, si hofu ya kupitwa. Kama tarehe imefika na wazo la kuifungua linakukunja tumbo, sogeza tarehe.

Jambo moja ni nje ya ukurasa huu. Ukikaa wiki mbili au zaidi huna usingizi au unalala mno, chakula hakina ladha, kazi imekushinda, au unafikiria kutokuwepo, hiyo haiponywi kwa kupumzisha simu. Mwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo, na muone daktari.

Na mimi ninapokataa, niseme nini? Sitaki kumfanyia mtu yale niliyofanyiwa.

Kama mmeandikiana chini ya mesaji kumi, kunyamaza si ukatili; kila mtu anajua mchezo. Mkishasikilizana kwa sauti au kuonana, mwenzako anastahili sentensi mbili, ndani ya siku mbili. "Asante kwa jana, nilifurahia kukusikia ukisimulia kazi yako. Sioni tukiendelea kama wachumba, nimeona nikwambie mapema." Usiongeze "labda baadaye" kama hakuna baadaye. Usiongeze sababu, hasa za kabila, mwili au mfuko. Akiuliza kwa nini, jibu mara moja tu: "Sikuhisi hivyo, basi." Akitukana, zuia, na usirudi kusoma.